Maandishi meupe juu ya mchanga mweupe: majina yasomekeje katika filamu ya pwani?

*"Natengeneza filamu ya hali halisi ya dakika 40 kuhusu kina mama wa mwani, nusu Paje na nusu Micheweni. Kwenye kompyuta yangu majina yanasomeka vizuri. Tulipoionyesha kwa projekta katika ukumbi wa skuli, waliokaa nyuma hawakusoma hata jina moja, na jina la sheha lilikatwa ukingoni. Nimeongeza kivuli na kunenepesha herufi, bado. Tena mwenzangu anasema kila jina lina umbo lake. Nianze kurekebisha wapi?"*

Ndugu yangu, usiguse herufi kwanza. Simamisha filamu pale ambapo jina halisomeki, liondoe jina, kisha tazama picha iliyobaki mahali lilipokuwa. Mchanga wa Paje ni mweupe, na maji yanapokupwa wakati wa bamvu, kina mama wanakuwa shambani saa 4 asubuhi, jua limeshakuwa kali. Kamera inaurikodi mchanga huo karibu na ukomo wa weupe. Tukihesabu nyeusi kabisa kuwa 0 na nyeupe kabisa kuwa 255, mchanga wako huenda uko 235 hivi, na wewe umeuandikia kwa 255. Ukipima tofauti ya mwangaza kati ya viwili hivyo kwa hesabu wanayotumia watengenezaji wa tovuti, unapata kama 1.2 kwa 1. Miongozo yao inataka isipungue 4.5 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa maandishi makubwa. Kwa maneno mengine, jina lile halikuwa limeandikwa hafifu. Karibu halikuwepo.

Kwenye kompyuta yako lilisomeka kwa sababu umekaa nusu mita kutoka kwenye skrini, skrini yenyewe ina mwanga mkali, na zaidi ya yote jina unalijua tayari. Jicho linalolijua neno hulimalizia lenyewe. Ukumbini mambo yanageuka. Projekta haiwezi kutoa weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni ukuta usiopigwa mwanga tu. Dirisha moja likiwa wazi, mwanga wa nje unaingia juu ya kila kitu, sehemu za kiza zinapanda kuwa kijivu, na tofauti ndogo uliyokuwa nayo inaliwa.

Kivuli hakikukusaidia kwa sababu kinafanya kazi ukingoni mwa herufi tu. Kikiwa chepesi na kilichotawanyika, kinaacha ukungu wa kijivu kuzunguka neno, nao ndio wa kwanza kupotea video inapobanwa ili itumwe au ipandishwe mtandaoni. Kunenepesha nako kuna mpaka wake: matundu ya ndani ya "a" na "e" huziba, na kwa mtu aliye mbali "Makame" inageuka kuwa mstari mmoja wa madoa. Wengine wakifika hapo hukimbilia rangi, manjano au nyekundu. Hiyo pia haitoshi, na sababu yake ni ya kiufundi. Video nyingi tunazotoa huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa mara moja kwa kila pikseli nne. Ukingo wa herufi unaotegemea rangi peke yake utavuja. Kinachomsomesha mtazamaji ni mwangaza, na rangi ni pambo linalokuja baadaye.

Kwa hiyo kazi ni kupunguza mwanga ulio chini ya jina. Unazo njia tatu za haki, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kisanduku kizito, cheusi au cha rangi moja. Kinasomeka kila mahali na ni rahisi kutengeneza, lakini kinakata picha na kuifanya filamu ionekane kama taarifa ya habari. Ya pili ni kutafuta fremu nyingine: yule mama aliyehojiwa mchangani labda ana picha nyingine akiwa ndani ya banda la kukaushia, au picha pana ambayo upande wa kushoto una kivuli cha mnazi. Hii ndiyo nzuri kuliko zote pale inapopatikana, na haikugharimu chochote isipokuwa subira. Ya tatu ni tabaka jeusi linalofifia, zito chini na linaloyeyuka kuelekea juu, ambalo huingia na kutoka pamoja na jina. Kwa filamu yako ningechukua hii ya tatu iwe kanuni, na ya pili kila inapowezekana.

Tabaka liwe zito kiasi gani? Hapa ndipo wengi wanaogopa na kuishia nusu ya njia. Ukiweka jeusi kwa `Opacity` ya 40% juu ya mchanga wa 235, mchanga unashuka hadi 141 na tofauti inafika 3.3. Inavuka mpaka wa maandishi makubwa, lakini ukumbi wenye dirisha wazi utakurudisha chini. Ukiweka 55%, mchanga unashuka hadi 106 na tofauti inakuwa 5.4. Hiyo ina akiba ya kutosha. Katika fremu ya 1920 kwa 1080, liache tabaka liwe na uzito kamili kutoka chini kabisa mpaka kimo cha 730 ukihesabu kutoka juu, halafu lifie polepole mpaka 560. Upana wake uishie kama pikseli 1100 kutoka kushoto, nako lifie taratibu, ili upande wa uso wa msemaji usiguswe. Herufi zenyewe zisiwe nyeupe kabisa. 235 inatosha juu ya tabaka hilo na haiumizi macho ukumbini usiku.

Micheweni utakutana na shida nyingine, nayo ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mama akiwa amejifunga kifuani, jina lako linakaa juu ya jina la kanga, na mtazamaji anapewa maneno mawili ayasome kwa pamoja. Hapo mwangaza si tatizo pekee, kwa sababu hata kanga ya rangi za kiza ina maua yanayogombana na maumbo ya herufi. Pandisha tabaka hadi 70%, au utie ukungu kidogo kwenye picha iliyo chini ya tabaka tu. Na kama maneno ya kanga yanasomeka wazi na yana maana katika hadithi, liache jina lako lisubiri picha inayofuata. Maneno ya kanga yamechaguliwa na mvaaji, yana haki ya kusomwa.

Sasa ukubwa. Jina la mtu liwe pikseli 56, mstari wa pili unaoeleza yeye ni nani uwe 42. Usishuke chini ya 42 hata mara moja, na sababu yake ni simu. Mtu aliyeshika simu wima anaiona filamu yako katika upana wa sentimita 7 hivi. Fonti ya pikseli 42 hapo ina kimo cha milimita 1.5, na mwili wa herufi ndogo kama "a" ni nusu yake. Hapo ndipo mwisho wa kusomeka. Chagua fonti isiyo na mikia, yenye unene wa kati, na iliyo huru kutumika, `Noto Sans` inafaa. Kabla hujaikubali, andika ndani yake "Ilala 1964" na "Ali". Kama I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zinafanana, tafuta fonti nyingine. Usiandike mistari hii kwa herufi kubwa tupu. Maneno yetu ni marefu, viambishi vimepangana mbele ya mzizi, na msomaji hulitambua neno kwa umbo la herufi zinazopanda na kushuka. "WANAOJISHUGHULISHA" ni tofali moja refu.

Jina la sheha lilikatwa kwa sababu televisheni nyingi na baadhi ya projekta hukuza picha kidogo na kupoteza kingo. Ukingo salama wa maandishi ni asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Programu nyingi za uhariri zina mistari ya kuonyesha mpaka huo. Iwashe na uiache imewaka mpaka filamu iishe. Lakini usilishushe jina mpaka kwenye mpaka wa chini. Filamu yako karibu hakika itapata tafsiri ya Kiingereza, na tafsiri ya mistari miwili hukaa kati ya 915 na 1026. Jina likikaa hapo hapo, mojawapo litalifunika jingine. Kwa hiyo jina na cheo vikae kati ya 740 na 860, daima, hata katika nakala isiyo na tafsiri. Ukifuata hivyo tangu mwanzo, siku ya kutengeneza nakala ya kupeleka nje hutahamisha kitu.

Lile suala la kila jina kuwa na umbo lake limetokana na urefu wa maneno, na nadhani linaanzia kwenye mstari kama huu: "Katibu wa Kikundi cha Ushirika cha Wakulima wa Mwani". Una herufi 52 pamoja na nafasi. Kwa fonti ya 42 unachukua karibu pikseli 1,100, zaidi ya nusu ya skrini. Mhariri anapunguza fonti kidogo ili uingie. Kesho anakili ukanda huo wa jina uliopunguzwa kwa mtu mwingine mwenye cheo kifupi, keshokutwa anaukuza tena kwa macho, na filamu inaisha ikiwa na saizi saba. Violezo vingi vya majina vinavyouzwa mtandaoni vimechorwa kwa vyeo vya neno moja au mawili, na cheo cha Kiswahili hakiingii humo bila kuvunja kitu.

Kinachopaswa kupungua ni maneno. "Katibu, Ushirika wa Mwani, Paje" ni herufi 31, na hakuna alichokosa mtazamaji ambacho sauti haitamwambia. Jiwekee ukomo wa herufi 34 kwa mstari wa pili. Cheo kikikataa kabisa kufupishwa, kiulize kinafanya nini pale: mtazamaji anahitaji kujua kwa nini mtu huyu anazungumza sasa, si orodha ya vyeo vyake vyote. Mama aliyelima mwani miaka 20 na pia ni mjumbe wa kamati ya mazingira, katika tukio la kufunga mbegu kwenye kamba ni "Mkulima wa mwani, Micheweni". Kama baadaye anazungumza kikaoni, unaweza kumtambulisha upya kama mjumbe wa kamati.

Ufupi huo ndio unaokupa muda pia. Hesabu nzuri ni sekunde moja ya jicho kugundua kwamba kuna maandishi, kisha sekunde moja kwa kila herufi 12. Jina la herufi 20 na cheo cha herufi 31 ni 51, zaidi ya sekunde 4 kidogo; ongeza moja, kisha uache kwa sekunde 5 na nusu. Kwa cheo kile kirefu ungehitaji sekunde 7, na picha yako ya kwanza ya mama huyo pengine ina sekunde 4 tu. Ikiwa hivyo, usibane jina ndani ya sekunde 4. Lisogeze kwenye picha yake ya pili iliyo ndefu, mradi iwe ndani ya mazungumzo yale yale ya mwanzo. Liingie na kutoka kwa kufifia fremu 10 katika filamu ya fremu 25 kwa sekunde, bila kuteleza kutoka pembeni. Herufi inayosogea haisomeki, na mteremko huo unakula nusu sekunde ya muda wake.

Ukishafika hapo, tengeneza ukanda mmoja tu wenye tabaka, jina na cheo, uuhifadhi kama kiolezo katika programu yako, na majina yote yatoke humo. Ruhusu maneno pekee yabadilike. Faili la fonti liweke ndani ya folda ya mradi, kwa sababu kompyuta ya mwenzako isipokuwa nayo, programu inaweza kuweka fonti nyingine bila kelele, na utaligundua kosa siku ya maonyesho.

Maneno yenyewe yasikae kwenye programu ya uhariri peke yake. Fungua jedwali lenye namba, muda, mstari wa kwanza, mstari wa pili, na safu ya nani amethibitisha. Kila maandishi ya filamu yaingie humo, kisha yanakiliwe kutoka humo. Utayasoma yote kwa pamoja, na hapo makosa yataruka yenyewe: mmoja ameitwa "Bi.", mwingine "Bibi", wa tatu hana kitu; mwalimu mmoja kapewa "Mwl." na mwenzake "Maalim". Jina la mtu aliandike mwenyewe mbele yako siku ya mahojiano, au alitaje na aliangalie umeliandika vipi. Usiandike ulivyosikia.

Jedwali hilo litakuonyesha pia mambo matatu ambayo kwa filamu ya visiwani ni mazito. La kwanza ni mahali. Ukiandika "Paje, Zanzibar" kisha "Micheweni, Pemba", umeiweka Pemba nje ya Zanzibar. Andika "Paje, Unguja" na "Micheweni, Pemba", na uache "Zanzibar" kwa kadi ya mwanzo inayovitaja visiwa vyote. Ukiamua kutaja wilaya na mkoa, taja kwa wote: Micheweni ni Mkoa wa Kaskazini Pemba, Paje ni Mkoa wa Kusini Unguja.

La pili ni saa. "Saa 4 asubuhi" kwa mtazamaji wetu ni wazi, lakini mtafsiri akiiona 4 ataandika 4, na mgeni atadhani kina mama waliingia baharini kabla ya alfajiri. Katika jedwali weka safu ya saa ya kamera, `10:00`, ili kila lugha ipate saa yake. La tatu ni alama ya ng'. Jina kama Ng'ambo likiandikwa mara moja kwa alama iliyonyooka na mara nyingine kwa iliyopinda, kwenye skrini kubwa tofauti inaonekana. Chagua moja, kisha tafuta nyingine katika jedwali lote na uibadilishe.

Kadi za maandishi, zile zinazojaza skrini nzima, ni rahisi zaidi kwa kuwa hakuna picha chini yake. Tumia fonti ile ile, pikseli 52 au zaidi, mistari isiyozidi minne, na kila mstari usipite herufi 40. Kata mstari pale pumzi inapokatika: usiache "cha" au "wa" mwishoni mwa mstari, maana kiunganishi hicho ni cha neno linalofuata. Kadi ya herufi 150 inahitaji kama sekunde 13 na nusu. Ukiona ni ndefu mno kwa mdundo wa filamu, igawe iwe kadi mbili, au msimulizi aisome. Kwa maonyesho ya vijijini mimi ningeisomesha kila kadi yenye jambo la lazima, kwa sababu ukumbini wapo wazee ambao macho yao hayafiki skrini.

Kabla ya kutoa nakala ya mwisho, toa picha ya kila jina ikiwa ndogo na haina rangi. Kama una `ffmpeg`, amri hii inachukua fremu ya dakika ya 12 na sekunde 4:

```
ffmpeg -ss 00:12:04 -i filamu.mp4 -frames:v 1 -vf "scale=480:-2,format=gray" jina07.png
```

Fungua picha hizo kwenye simu, na umpe mtu asiyewajua wahusika azisome kwa sauti. Akikwama kwenye jina, angalia kwanza tabaka, kisha urefu wa mstari, na saizi iwe ya mwisho. Kisha chukua nakala yenyewe mpaka kwenye projekta ile ile, dirisha lile lile wazi, ukae mstari wa nyuma. Bado majina hayasomeki? Basi ukumbi ndio wa kurekebishwa: pazia au kitambaa kizito dirishani kitasaidia kuliko mabadiliko yoyote zaidi utakayofanya kwenye faili.

Yapo mambo mawili ya kutafutia mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Filamu ikienda kwenye televisheni, omba kituo kikupe masharti yake ya kiufundi kwa maandishi, kisha fundi wake apime nakala yako kwenye vyombo vyake. Viwango vya mwangaza vinavyokubalika hewani si lazima viwe vile vya mtandaoni, na herufi zilizopita mpaka zinaweza kuirudisha filamu nzima. Na kama ndani ya filamu kuna hati ya zamani au jiwe la kaburi lenye Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na unataka kuliandika upya kwenye skrini, msomi wa hati hizo akae pembeni yako unapoliweka. Programu isiyoandaliwa kwa hati hiyo huzitenganisha herufi zinazopaswa kushikana na kuzipanga kutoka kushoto, na asiyeijua hataliona kosa.